Kuufuata mzigo wa nyumba ya ghorofa moja, kutoka bati hadi udongoni

Ukiingia kwenye chumba cha nyumba ya zamani Mji Mkongwe, inua macho uitazame dari. Utaziona boriti za mikoko zimepangwa karibu karibu, zote zimelala upande mmoja, kutoka ukuta huu mrefu hadi ule wa pili. Chumba kinaweza kuwa kirefu, lakini upana wake mara nyingi hauzidi mita tatu hivi, kwa kuwa boriti ya mkoko haifiki mbali zaidi ya hapo. Kuta mbili zilizopokea vichwa vya boriti ndizo zinazobeba sakafu. Kuta fupi za mwisho zinabeba uzito wao wenyewe na pengine boriti moja iliyo kando yao.

Ukilielewa hilo, umeshaelewa nusu ya mwongozo huu. Mzigo haulifuati umbo la chumba, unakifuata kile ulicholalia. Kwa hiyo katika kila hatua tutakayopiga tutauliza swali moja tu: hiki kimelala juu ya nini?

Tutaichukua nyumba moja ya kawaida, ya chini na juu, mfano wa zile zinazojengwa sasa upande wa Fuoni na Tomondo: nguzo na bimu za zege, kuta za matofali ya saruji ya inchi 6, slabu moja ya zege katikati na paa la bati juu. Mwisho tutajua besi ya nguzo, yaani kile kitako cha zege chini yake, ichimbwe upana gani. Tunaufuata mzigo unaoshuka wima peke yake. Upepo una hesabu yake nyingine, na usiudharau: bati ni jepesi, na kimbunga kilichoipiga Unguja mwaka 1872 kinatosha kutukumbusha kwamba paa hufungwa lisiruke, sio kubebwa tu.

Kwanza, kuchora nyumba kwa mistari

Chukua karatasi ya miraba uchore nguzo peke yake, bila kuta. Nyumba yetu ina nguzo tisa, safu tatu za tatu tatu. Mistari ya upande mmoja tuiite A, B na C. Kutoka A hadi B ni mita 4, na kutoka B hadi C ni mita 3. Mistari inayoikata hiyo tuiite 1, 2 na 3, kila mmoja mita 4 kutoka kwa mwenzake. Nyumba nzima basi ni mita 7 kwa 8, eneo la mita za mraba 56. Nguzo ya katikati kabisa inaitwa B2, na ile iliyo katikati ya ukuta wa nje wa upande wa A inaitwa A2. Hizi mbili ndizo tutakazozifuata, kwa sababu zinatofautiana kwa namna ya kufundisha.

Eneo tegemezi ni nini

Wafikirie wachukuzi wawili waliolitundika gunia la karafuu kwenye mti wa mita 4, mmoja mbele na mmoja nyuma. Gunia likiwa katikati, kila mmoja anabeba nusu. Likisogea hadi mita moja kutoka kwa yule wa mbele, yeye anabeba robo tatu na mwenzake robo. Aliye karibu na mzigo ndiye anayeubeba zaidi. Sasa badala ya gunia moja, mwaga mchanga sawasawa kwenye ubao mzima. Mchanga wa nusu ya mbele utakuwa wa mchukuzi wa mbele, na wa nusu ya nyuma utakuwa wa nyuma.

Slabu ni ubao huo uliopanuliwa pande zote. Kila nguzo inadai nusu ya umbali hadi nguzo jirani, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Kipande kinachopatikana nakiita eneo tegemezi la nguzo hiyo, kwa kuwa ni sehemu ya sakafu inayoitegemea yenyewe.

Kwa B2, upande wa A inadai mita 2, nusu ya 4. Upande wa C inadai mita 1.5, nusu ya 3. Jumla ni mita 3.5. Kwa mwelekeo mwingine inadai mita 2 mbele na 2 nyuma, yaani mita 4. Eneo tegemezi la B2 ni 3.5 × 4, sawa na mita za mraba 14. Kwa A2, upande mmoja ni nje, hakuna cha kudai, kwa hiyo ni 2 × 4, yaani mita za mraba 8. Nguzo ya pembeni A1 ina 2 × 2, mita za mraba 4 tu.

Ukimaliza zote tisa, zijumlishe. Safu ya A ina 4 + 8 + 4, ambayo ni 16. Ya B ina 7 + 14 + 7, ambayo ni 28. Ya C ina 3 + 6 + 3, ambayo ni 12. Jumla ni 56, sawa na eneo la nyumba. Isipolingana, kuna kipande ulichokihesabu mara mbili au ulichokiacha hewani bila mwenyewe. Naomba usiiruke hesabu hii hata kama una haraka. Inachukua dakika mbili, na ndiyo inayokamata makosa mengi ya wanaoanza.

Uzito wa kila kitu

Tutatumia kilonyutoni, kN. Kwa matumizi yetu, kN 1 ni karibu uzito wa kilo 100, na kN 10 ni karibu tani moja.

Kuna uzito wa kudumu, ambao ni jengo lenyewe, na kuna mzigo wa matumizi, yaani watu na vyombo vyao. Viandike katika safu mbili tofauti tangu mwanzo. Mwishoni utaona kwa nini.

Slabu ya sentimita 15 ina uzito wa 0.15 × 25, yaani kN 3.75 kwa kila mita ya mraba, kwa sababu mita moja ya ujazo ya zege lenye nondo ni kama kN 25. Ongeza sakafu ya saruji, vigae na lipu ya chini, kama kN 1.25. Inakuwa kN 5. Mzigo wa matumizi wa nyumba ya kuishi huchukuliwa kN 1.5 kwa mita ya mraba.

Ukuta wa matofali ya inchi 6 yasiyo na matundu, pamoja na lipu pande zote mbili, ni kama kN 3.7 kwa mita ya mraba. Ukiwa na kimo cha mita 2.7, kila mita moja ya urefu wake ina kN 10. Shika hiyo kichwani: hatua moja ndefu ya ukuta ni tani moja. Watu wengi wanaiogopa slabu na kuusahau ukuta, ilhali mita moja ya ukuta inalingana na mita mbili za mraba za slabu iliyokwisha kupigwa lipu na vigae.

Paa la bati, pamoja na kenchi, mbao na dari ya jipsam, ni kN 0.5 kwa mita ya mraba ukilipima kwa kivuli chake cha chini. Fundi atakayepanda kulitengeneza anahesabiwa kN 0.6 kwa kila mita ya mraba, na hiyo ni mzigo wa matumizi.

Paa: hapa ndipo wengi wanapoteleza

Mwanafunzi akishajua kwamba B2 ina mita za mraba 14, hukimbilia kuipa mita 14 za paa pia. Hebu turudi kwenye swali letu. Paa limelala juu ya nini?

Katika nyumba yetu kenchi zimerushwa kutoka ukuta wa A moja kwa moja hadi ukuta wa C, mita 7, bila kugusa katikati. Basi mstari wa B haubebi paa hata chembe. A inachukua nusu ya mita 7, yaani mita 3.5, na juu yake mita 0.6 ya bati lililotokeza nje, jumla mita 4.1. Kwa A2 eneo la paa ni 4.1 × 4, mita za mraba 16.4. Kwa B2 ni sifuri.

Ona basi: nguzo ile ile A2 ina mita 8 za slabu lakini 16.4 za paa. Eneo tegemezi si sifa ya nguzo inayodumu toka juu hadi chini. Linachorwa upya kila tabaka.

Niliwahi kuipigia hesabu nyumba moja kwa namna hii, kenchi zikirushwa ukuta hadi ukuta. Nilipofika kuitazama baada ya kuezekwa, nikakuta kila kenchi imewekewa gongo la kuitegemeza katikati, na gongo limesimama juu ya ukuta wa chumba cha kulala.

"Fundi, hili gongo nani kakwambia uliweke?"

"Injinia, ukuta upo hapo hapo, nikaona bora nizipe kenchi nguvu."

Nia yake ilikuwa njema kabisa. Lakini ukuta ule wa juu haukuwa na bimu chini yake. Ulikuwa ni ukuta mwepesi wa kugawa chumba, umekaa juu ya slabu tupu. Baada ya miezi kadhaa ufa ukajichora kwenye lipu ya dari ya chini, umenyooka sambamba na ukuta, na mlango wa chumba ukaanza kukwaruza sakafu. Dalili mbili hizo zikija pamoja, tafuta mzigo uliopotea njia. Tuliyaondoa magongo, kenchi zikaongezwa mbao kama zilivyochorwa.

Kuta za juu

Katika nyumba yetu, ghorofa ya juu ina kuta za nje kuzunguka nyumba nzima, mita 30, ukuta wa ndani juu ya mstari wa B wote, mita 8, na mwingine juu ya mstari wa 2 kutoka A hadi B, mita 4. Kuta zote zimekaa juu ya bimu, kwa hiyo kanuni ni ile ile ya nusu ya njia.

B2 inapata mita 4 kwenye mstari wa B, 2 mbele na 2 nyuma, na mita 2 kwenye mstari wa 2. Jumla mita 6, yaani kN 60. A2 inapata mita 4 za ukuta wa nje na mita 2 za mstari wa 2, nayo pia kN 60. Madirisha na milango siyapunguzi. Kwa anayeanza, kidogo hicho cha ziada kiwe akiba yake. Juu ya kuta hizo kuna mkanda wa zege wa sentimita 15 kwa 30, kama kN 1.1 kwa mita. Kwa mita 6 ni kN 7 kwa kila nguzo.

Kama ukuta haupo juu ya bimu, kumbuka gunia la karafuu. Ukuta uliojengwa sambamba na B, mita moja kuelekea A, unapeleka robo tatu ya uzito wake B na robo A. Nguzo utaweza kuzihesabu, lakini slabu yenyewe inahitaji nondo za ziada chini ya ukuta huo, na hizo huwekwa kabla ya kumwaga zege. Ndiyo maana mwenye nyumba akitaka kuhamisha ukuta wa juu, ni vyema aseme mapema.

Kushuka nguzo mbili hadi chini

Sasa tunajumlisha. Bimu za slabu ni sentimita 23 kwa 40, lakini sentimita 15 za juu tumeshazihesabu ndani ya slabu. Kilichobaki, 0.23 × 0.25 × 25, ni kN 1.44 kwa mita. B2 inabeba mita 7.5 za bimu: 4 za mstari wa B, na 3.5 za mstari wa 2. A2 inabeba mita 6. Nguzo zina sentimita 23 kila upande.

| Kitu | A2 (kN) | B2 (kN) |
|---|---|---|
| Paa, uzito wa kudumu | 8 | 0 |
| Mkanda wa zege | 7 | 7 |
| Kuta za juu | 60 | 60 |
| Nguzo ya juu | 4 | 4 |
| Slabu na mapambo yake | 40 | 70 |
| Bimu | 9 | 11 |
| Nguzo ya chini | 6 | 6 |
| Jumla ya kudumu | 134 | 158 |
| Matumizi, paa | 10 | 0 |
| Matumizi, slabu | 12 | 21 |
| Jumla ya matumizi | 22 | 21 |
| Jumla yote | 156 | 179 |

Kwa mawazo ya haraka mtu angetegemea B2 iwe karibu mara mbili ya A2, maana 14 ni karibu mara mbili ya 8. Haikuwa hivyo. Kuta zimesawazisha, na paa limeipendelea A.

Utauliza, jamvi la chini na kuta za chini zimekwenda wapi? Uliza tena swali letu. Jamvi limelala juu ya kifusi kilichoshindiliwa, kwa hiyo uzito wake unaingia ardhini moja kwa moja. Kuta za chini katika nyumba hii zimekaa juu ya msingi wa mawe wenye njia yake yenyewe hadi udongoni. Kama zingekuwa juu ya bimu za chini zilizorushwa kutoka nguzo hadi nguzo, tungeziongeza kwenye nguzo, tani moja kwa kila mita.

Kuta na nguzo za juu hugawana mzigo wa paa kwa namna ambayo huwezi kuijua kwa uhakika, kwa kuwa mkanda umelalia vyote viwili. Usihangaike. Uwe umepita ukutani au nguzoni, unaishia kwenye bimu ile ile na nguzo ile ile ya chini.

Mahali njia hii inapodanganya

Kugawa nusu kwa nusu ni sahihi bimu zinapokuwa vipande vipande, kila kimoja kimekaa peke yake. Bimu ya zege iliyomwagwa kwa mfululizo juu ya nguzo tatu haifanyi hivyo. Kwa nafasi mbili zilizo sawa, kanuni ya nusu inaipa nguzo ya katikati asilimia 50 ya mzigo wote. Hesabu kamili ya bimu inaipa asilimia 62.5, na za mwisho zinapata pungufu. Yaani nguzo ya katikati inabeba robo zaidi ya ulivyoiandikia.

Nyumba yetu ina hali hiyo hiyo pale B2. Mimi huongeza robo kwenye kila kilichofika kwa njia ya bimu. Slabu na matumizi yake ni 91, bimu 11, kuta 60 na mkanda 7, jumla 169. Robo yake ni kama 42. B2 inapanda kutoka 179 hadi kN 221. Sizipunguzi zile za pembeni.

Besi

Ongeza asilimia 10 kwa uzito wa besi yenyewe. B2 inakuwa kN 243, na A2 inakuwa kN 172.

Tuchukulie aliyepima udongo wa kiwanja amesema unaweza kubeba kwa usalama kN 150 kwa mita ya mraba. Kwa B2, 243 ÷ 150 ni mita za mraba 1.62. Kipeuo chake cha pili ni 1.27, tunachimba besi ya mita 1.3 kwa 1.3. Kwa A2, 172 ÷ 150 ni 1.15, na tunachimba mita 1.1 kwa 1.1.

Hapa tumetumia uzito halisi, bila kuuzidisha. Zile namba za 1.4 kwa uzito wa kudumu na 1.6 kwa matumizi, utakazokutana nazo kwenye hesabu za zege, ni za kutafuta unene wa zege na wingi wa nondo. B2 kabla ya nyongeza ingekuwa 1.4 × 158 + 1.6 × 21, kama kN 255. Ukiigawa hiyo kwa nguvu ya udongo iliyokwisha kuwekewa akiba, utakuwa umeweka akiba mara mbili. Ndiyo sababu tulizitenga safu mbili.

Namba ya udongo usiiazime kwa jirani. Upande wa mashariki na kusini mwa Unguja unaweza kugonga jiwe la matumbawe karibu kabisa na uso wa ardhi, na jiwe hilo ni gumu, lakini huwa na mapango ndani. Gonga kwa mtaimbo chini ya kila besi usikilize. Mlio mzito wa kufa ni jiwe, mlio wa kuitika kama pipa ni shimo, na hapo utoboe uone kina chake. Na kwenye mabonde ya mpunga, Unguja au Pemba, udongo ni laini na maji yapo juu. Udongo ukishuka hadi kN 75, besi ya B2 inataka mita 1.8 kila upande.

Tangi

Jengo limekwisha, na mwenye nyumba anataka tangi la lita 2,000 juu. Maji hayo peke yake ni tani mbili, kN 20. Linganisha na jedwali: paa zima linaloegemea A2 ni kN 8.

Likikaa juu ya kijislabu kilichobebwa na nguzo A1, A2, B1 na B2, katikati yake, kila nguzo inapata kN 5, na besi yetu ya B2, inayoweza kubeba 1.69 × 150, yaani kama kN 253, inatosha bado. Likisukumwa hadi usawa wa nguzo A2 kwa kuwa ndipo bomba lilipo, kN 20 zote ni zake. Kutoka 172 inafika 192, na besi yake ya mita 1.1 inabeba 1.21 × 150, yaani kN 181. Imezidiwa. Tangi ni lile lile, nyumba ni ile ile, tofauti ni karibu mita tatu za kulisogeza. Kama kuna uwezekano wa tangi kuja baadaye, liandike kwenye jedwali siku ya kwanza, na A2 ichimbiwe mita 1.2.